Fundi Atafika Saa Ngapi? Mwongozo wa Kuandika Mkataba wa Sevisi ya Tangi la Maziwa

Mwongozo huu ni wako wewe meneja, katibu au mjumbe wa kamati ya chama cha wafugaji, iwe uko Bahati, Njoro, Molo au Kuresoi, mwenye tangi la kupozea maziwa na karatasi ya mkataba wa sevisi ndani ya faili. Itoe hiyo karatasi uisome. Kuna uwezekano mkubwa utakuta sentensi iliyo ndugu ya hii:

*"Mtoa huduma atajitahidi kufika haraka iwezekanavyo na kuhakikisha mtambo unafanya kazi vizuri wakati wote."*

Siku tangi likigoma, sentensi hiyo haitakusaidia kitu. Haraka ya fundi anayetoka Nairobi, kilomita 160 hivi hadi Nakuru kabla hajashika njia ya kijijini kwako, si haraka ya maziwa. "Kujitahidi" hakuna mtu aliyewahi kushtakiwa kwa kukosa. Na "vizuri" ni neno la kumsifia mpishi.

Anza na saa ya maziwa, si saa ya fundi

Maziwa yanayotoka kwa ng'ombe yana joto la nyuzi 35 hivi, na yana kinga yake ya asili inayozuia bakteria kwa muda mfupi tu. Katika joto la nyuzi 30 kinga hiyo hudumu kama saa mbili. Kwenye baridi ya Molo inasogea mbele kidogo. Baada ya hapo bakteria huzaana bila breki, na maziwa yaliyoonekana mazima saa nne asubuhi yanaganda kwenye jaribio la alkoholi saa nane mchana. Ukiyapoza tena hayarudi yalivyokuwa, kwa kuwa asidi iliyokwisha kuingia haitoki.

Kwa hiyo ahadi ya "fundi kufika ndani ya saa 24", ambayo nimeiona kwenye mikataba zaidi ya mmoja, ina namba ndani yake lakini ni ahadi tupu. Namba yenyewe imetoka kwenye ratiba ya ofisi ya fundi. Wewe itoe namba yako kwenye tangi: baada ya hitilafu kuonekana, una saa ngapi kabla hujapoteza maziwa? Jibu hilo ndilo linalogawanywa kati ya safari ya fundi, matengenezo, na uamuzi wa kuyahamisha maziwa.

Kwa sababu hiyo hiyo, kataa kipimo cha asilimia peke yake. Mtu akikuahidi kwamba mtambo utafanya kazi asilimia 98 ya mwezi, piga hesabu. Mwezi wa siku 30 una saa 720, na asilimia mbili yake ni saa 14 na dakika 24. Saa hizo zikianguka mchana tangi likiwa tupu, hukupoteza hata glasi. Zikianguka zote usiku mmoja juu ya maziwa ya jioni, umepoteza tangi zima, na mtoa huduma bado atasema ametimiza ahadi yake. Asilimia inafaa mtandao wa ofisi. Kwa tangi la maziwa, pima saa ambazo maziwa yalikuwa ndani.

Hatua ya 1: Soma kibandiko cha tangi kabla ya kudai chochote

Kwenye ubavu wa tangi kuna kibao cha chuma chenye alama kama 2BII. Wengi hawaiangalii, na fundi mjanja hujificha hapo. Tarakimu ya 2 ina maana kwamba tangi limeundwa kujazwa kwa mikupuo miwili, hivyo linaweza kupoza nusu ya ujazo wake kwa mara moja. Ingekuwa 4, lingepoza robo. Herufi B inaeleza joto la mazingira ambalo tangi lilipimiwa, nalo ni nyuzi 32. Namba ya Kirumi ni muda: II ni saa tatu kutoka nyuzi 35 hadi nyuzi 4.

Basi kama una tangi la lita 3,000 la 2BII na unamimina lita 2,800 zote asubuhi, huna haki ya kudai zifike nyuzi 4 kwa saa tatu. Ukiandika ahadi hiyo kwenye mkataba, fundi ataivunja kila siku, nawe utashindwa kumlaumu hata mara moja. Dai kile ambacho tangi linaweza: lita 1,500 kwa mkupuo, saa tatu, nyuzi 4. Na kama maziwa yenu ya asubuhi yamezidi hapo, shida yenu ni ya tangi la pili. Mkataba hautaitatua.

Hatua ya 2: Andika kumbukumbu za wiki mbili

Kabla ya kuketi na fundi, mwambie karani wa mapokezi aandike joto la maziwa kila nusu saa, tangu kebe la kwanza linapomiminwa hadi kipimo kisome 4. Usiku mlinzi asome saa nne, saa nane na saa kumi na moja alfajiri. Baada ya wiki mbili utajua mwendo wa kawaida wa tangi lako: kwa mfano, nusu saa baada ya mapokezi kufungwa huwa linasoma nyuzi 12. Mwendo huo ndio unaokuwezesha kusema "leo kuna hitilafu" mapema, badala ya kugundua mchana wakati mtungi wa maabara umeganda.

Kipimajoto kiwe cha chama, wala usitegemee kile cha kwenye mtambo peke yake. Kikoroga kikifa, maziwa ya chini yanaanza kuganda barafu na kihisio kinasoma baridi, huku ya juu yakiwa vuguvugu.

> Kukagua kipimajoto
> Jaza kikombe barafu iliyopondwa, ongeza maji safi kidogo, koroga, tumbukiza kipimajoto na usubiri dakika chache. Kisome sifuri. Kikipotoka kwa zaidi ya nyuzi moja, kibadilishe. Fanya hivi kila mwezi mbele ya fundi, nanyi wawili mtie sahihi kwenye daftari.
> Usitumie maji yanayochemka kwa kazi hii. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na maji huku huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Nimeshuhudia kipimajoto kizima kikitupwa kwa kosa hilo.

Hatua ya 3: Vunja sentensi, neno moja moja

Rudi kwenye ile sentensi ya juu. Kila neno lenye ukungu lijibiwe maswali manne: kinapimwa nini, saa inaanza na kuishia wapi, nani anapima kwa chombo gani, na ikikosekana nini kinafuata bila mjadala.

*"Vizuri"* inakuwa hivi: mkupuo usiozidi lita 1,500 ufike nyuzi 4 ndani ya saa tatu tangu mapokezi kufungwa, na usizidi nyuzi 4 hadi lori lifike. Maziwa mapya yakiongezwa juu ya yaliyopoa, mchanganyiko usizidi nyuzi 10. Hitilafu ni kipimo chochote kilicho juu ya mwendo wa kawaida kwa nyuzi 4 au zaidi.

*"Kufika"* ndilo neno linalohitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa kufika si kutengeneza. Fundi akifika na bisibisi mkononi bila mota ya feni, amefika. Kwa hiyo tenga saa mbili. Ya kwanza ni ya kufika: saa mbili tangu taarifa itumwe. Ya pili ni ya kurejesha: saa nne tangu taarifa ile ile. Saa inaanza karani anapotuma ujumbe kwa namba moja iliyoandikwa kwenye mkataba, na muda unaoonekana kwenye simu ya karani ndio ushahidi. Usikubali maneno "tangu taarifa ilipopokelewa", maana simu iliyozimwa haipokei kitu. Nayo saa ya kurejesha isimame pale joto la maziwa linaposhuka nyuzi 3 ndani ya nusu saa kwa kipimajoto cha chama. Sauti ya kompresa haitoshi, kwani kompresa huweza kunguruma siku nzima hata gesi imevuja yote. Tangi likiwa tupu, jaribuni kwa maji.

*"Wakati wote"* inakuwa saa za maziwa: kuanzia kebe la kwanza hadi lori linapoondoka, siku saba za wiki, sikukuu zikiwemo. Ng'ombe hana Krismasi. Hitilafu ikitokea tangi likiwa tupu, mpe fundi nafuu, aitengeneze kabla ya mapokezi yanayofuata. Unapomlegezea pale pasipo na hasara, anakubali kubanwa pale penye hasara.

*"Haraka iwezekanavyo"* ifute. Lakini namba uliyoiweka mahali pake iwezekane kweli. Fundi mwenye karakana mjini Nakuru anaweza kufika Bahati kwa saa mbili. Kumdai muda huo huo hadi pembe za Kuresoi mwezi wa Aprili, njia ikiwa tope, ni kumfundisha kusema uongo. Ukiwa mbali, punguza utegemezi wa safari: mkataba utaje vipuri vinavyokaa kituoni kwako chini ya kufuli, yaani kapasita, kontakta, mota ya feni, thamostati na mota ya kikoroga, na karani afunzwe kusafisha kondensa na kubadilisha fyuzi akielekezwa kwa simu. Vumbi kwenye kondensa peke yake ni sababu ya simu nyingi za usiku.

Hatua ya 4: Weka fidia za aina tatu, kila moja na kazi yake

Hapa ndipo mikataba mingi iliyoandikwa vyema hadi nusu inapoanguka. Tuseme ada ya sevisi ni shilingi 15,000 kwa mwezi, na mkataba unasema fundi akichelewa atakatwa asilimia 10. Hizo ni shilingi 1,500. Lita 1,500 zikimwagwa kwa bei ya shilingi 50 ni shilingi 75,000. Makato hayawezi kuziba shimo hilo hata ukiyaongeza mara tano, na wala si kazi yake.

Kazi ya makato ni nidhamu. Yawe madogo, yajiendeshe yenyewe, yasihitaji kikao: asilimia 5 ya ada ya mwezi kwa kila saa, au sehemu ya saa, baada ya muda wa kurejesha kupita. Mhasibu anayakata kwenye ankara inayofuata na kuambatanisha nakala ya daftari.

Fidia ya pili ndiyo yenye thamani kuliko zote, nayo ni haki ya kuokoa maziwa. Weka saa ya uamuzi: ikifika saa mbili tangu taarifa, na joto halijaanza kushuka, meneja ana ruhusa ya kuhamishia maziwa kwenye tangi la chama jirani, na gharama ya lori na ya kupozea inamrudia mtoa huduma. Patana na jirani mapema kwa maandishi, bei ya kila lita iwe imeshatajwa. Vivyo hivyo, muda wa kurejesha ukipita unaweza kuita fundi mwingine na kumkata wa kwanza gharama hiyo.

Ya tatu ni malipo ya maziwa yaliyoharibika. Usitegemee fundi mdogo atie sahihi ya kulipa hasara isiyo na mwisho. Atakataa, au atasaini kwa kuwa anajua hana cha kunyang'anywa. Wekeni kikomo, mathalani ada ya miezi mitatu kwa tukio moja, na hasara iliyozidi hapo uikatie bima. Hesabu ya lita, bei na gharama muiweke kama kiambatisho kilichosainiwa. Sababu ni ya kisheria: mahakama za Kenya hukubali fidia iliyokadiriwa kwa uaminifu kutokana na hasara inayotarajiwa, lakini huweza kuikataa ile iliyowekwa kama adhabu ya kumkomoa mtu. Ukurasa mmoja wa hesabu unaonyesha namba yako imetoka wapi.

> Tahadhari: maziwa hukataliwa kwa sababu nyingi
> Kiwanda kinaweza kurudisha maziwa kwa sababu yametiwa maji au yana dawa za ng'ombe. Hayo si ya fundi. Ili kudai, uwe na vitu vitatu: matokeo ya laktomita na alkoholi kabla maziwa hayajaingia tangini, daftari la joto, na hati ya kiwanda inayotaja sababu ya kukataa. Ukikosa kimoja, dai lako linachechemea.

Mfano: Jumanne moja, kwa mikataba miwili

Tuchukulie chama kilichoko Bahati, tangi la lita 3,000, mkupuo wa asubuhi lita 1,500.

Saa tatu asubuhi mapokezi yanafungwa, joto nyuzi 18. Saa tatu na nusu linasoma 17.5, siku nyingine lingesoma 12. Karani anatuma ujumbe saa 3:35. Fundi anafika saa 5:20, yaani ndani ya saa mbili. Anakuta mota ya feni imeungua na hakubeba nyingine, wala hakuna ya akiba kituoni. Saa 5:35 joto halijashuka. Meneja anapima alkoholi, maziwa bado mazima, anaandika matokeo na kuita lori. Lori ni shilingi 6,000, jirani anatoza shilingi 2 kwa lita, jumla 9,000. Fundi anarudi kutoka mjini na mota, na saa 8:45 mchana jaribio la maji linaonyesha mtambo unapoza. Muda wa kurejesha uliisha saa 7:35, kwa hiyo amechelewa dakika 70, ambazo zinahesabiwa kama saa mbili. Makato ni asilimia 10, shilingi 1,500. Ankara ya mwezi huo inapungua kwa shilingi 10,500, na wafugaji wote wanalipwa.

Kwa mkataba wa zamani, siku ile ile, fundi alifika na alijitahidi. Meneja angekaa akisubiri mota, kwa kuwa hana ruhusa ya kulipia lori, na saa tisa wangekuwa wakimwaga maziwa.

Ona pia kwamba kwenye mkataba mpya fundi hakukatwa hata senti kwa kufika. Alikatwa kwa kukosa mota. Mwezi unaofuata ataiweka kabatini mwenyewe bila kuombwa.

Hatua ya 5: Funga mlango wa "sababu zilizo nje ya uwezo wetu"

Maneno haya yakiachwa wazi, kila hitilafu itapita humo, na ya kwanza itakuwa stima. Stima kweli hukatika: usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilikaa gizani kwa saa nyingi. Lakini jiulize kilichoharibu maziwa usiku kama huo ni nini. Kama jenereta lipo na lilikataa kuwaka kwa sababu betri ilikufa, hiyo ni kazi ya sevisi. Kwa hiyo liingize jenereta ndani ya mkataba: liwashwe kila wiki kwa dakika 15 likibeba mzigo wa tangi, na liandikwe daftarini. Dizeli ni jukumu la chama. Stima ikija dhaifu au njia moja ikipotea kwenye mtambo wa njia tatu, kinga ya umeme iliyowekwa na fundi ndiyo inayotakiwa kuzima kompresa kabla haijaungua. Kinga isipofanya kazi, lawama ni yake.

Orodhesha visingizio vinavyokubalika kimoja kimoja, ufunge orodha: mafuriko yaliyofunga barabara, ghasia, agizo la serikali. Ongeza kwamba anayedai kisingizio ataarifu ndani ya saa moja, na kwamba kisingizio kinasimamisha makato tu. Haki ya kuhamisha maziwa haiguswi, ila safari hiyo mnagawana gharama.

Hatua ya 6: Andika na ya kwenu

Chama kinachomimina lita 2,500 kwa mkupuo, kisichoosha tangi kila lori linapoondoka, au kinachomdai fundi mbio huku hakijamlipa miezi miwili, kitashindwa kwenye dai lolote. Mkataba useme: mkupuo haupiti lita 1,500, kondensa inapigwa brashi kila wiki, ankara inalipwa ndani ya siku 14. Kama tangi mlipewa kwa mradi wa serikali ya kitaifa au kaunti, uliza kwanza kama bado lina dhamana na nani ana ruhusa ya kulifungua, kabla hujamkabidhi fundi wako bisibisi.

Kuhusu bei: omba mbili. Moja kwa saa mbili za kufika, nyingine kwa saa nne. Tofauti yake ilinganishe na shilingi 75,000 za mkupuo mmoja, kisha kamati iamue. Anzeni na miezi mitatu ya majaribio ambapo makato yanahesabiwa lakini hayakatwi. Mtagundua namba zipi ni ngumu mno na zipi ni rahisi mno, mzirekebishe kabla ya sahihi ya mwaka.

Hatua ya 7: Njia ya kutokea

Kurejesha kukichelewa mara tatu ndani ya siku 90, chama kiwe na haki ya kuvunja mkataba kwa notisi ya siku 14 bila faini. Mgogoro wa pesa uende kwanza kwenye kikao cha meneja na mwenye karakana ndani ya siku saba, daftari likiwa mezani. Wakishindwa, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Huko daftari la karani lina uzito kuliko kumbukumbu ya mwenyekiti, ndiyo maana kila ukurasa uwe na tarehe, na makosa yakatwe kwa mstari mmoja badala ya kufutwa kwa wino mweupe.

> Kabla ya kutia sahihi, hakikisha
> ☐ Ujazo wa mkupuo unalingana na kibandiko cha tangi
> ☐ Muda wa kufika na muda wa kurejesha vimetengwa
> ☐ Saa inaanza ujumbe unapotumwa, kwa namba iliyotajwa
> ☐ Saa inasimama kwa kipimajoto, si kwa sauti ya mtambo
> ☐ Vipuri vya kituoni vimeorodheshwa na kuhesabiwa
> ☐ Saa ya kuhamisha maziwa imeandikwa, na jirani amekubali kwa maandishi
> ☐ Kikomo cha fidia na ukurasa wa hesabu vimesainiwa na pande zote
> ☐ Jenereta limo ndani
> ☐ "Jitahidi", "haraka", "vizuri" na "inapowezekana" hazimo popote
> ☐ Karani na mlinzi wamesomewa sehemu inayowahusu, na nakala imebandikwa ukutani karibu na kipimajoto